Kreatini na Wenzake: Je, Mchanganyiko Huzidi Kreatini Peke Yake?

Mtu anayeingia dukani leo kutafuta kreatini aghalabu hatoki na kreatini peke yake. Ataambiwa kwamba kreatini ni nzuri, lakini ikichanganywa na beta-alanini ni nzuri zaidi, na ikitiwa kafeini, au sukari, au kile kiitwacho HMB, faida yake huongezeka maradufu. Na kwa kuwa kila nyongeza ina bei yake, ni haki ya mnunuzi kuuliza kama mchanganyiko huo hutenda jambo ambalo kreatini peke yake haiwezi kulitenda. Nimekusudia kulichambua swali hili kwa utaratibu, nikianza na kazi ya kila kimoja ndani ya msuli, kisha nikiyapima majaribio yaliyofanywa kuzikutanisha kreatini na beta-alanini, na hatimaye nikibainisha nani achanganye na nani asichanganye. Rai yangu naitangaza mapema: vitu hivi viwili havisaidiani katika kazi moja, bali kila kimoja kina kazi yake na wakati wake, na kwa sababu hiyo mchanganyiko huongeza kitu pale tu ambapo mchezo wenyewe unazidai kazi zote mbili.

Kreatini si kitu kigeni mwilini. Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliitambua katika nyama mwaka 1832, na siku hizi yajulikana kwamba mtu wa kilo 70 huwa nayo kama gramu 120, karibu yote ikiwa misulini, sehemu yake ikitengenezwa na mwili wenyewe na sehemu ikitoka katika nyama na samaki anaokula. Kazi yake ni ya haraka. Msuli unapokaza hutumia ATP, ambayo akiba yake ni ndogo mno, isiyotosha ila kwa sekunde chache. Hapo ndipo fosfokreatini, yaani kreatini iliyobeba fosfati, inapoitoa fosfati hiyo ili ATP irejee, nayo huweza kufanya hivyo kwa nguvu zake zote kwa muda wa kama sekunde kumi za juhudi kali, kisha hujazwa upya mtu anapopumzika. Mwaka 1992 Roger Harris, Karin Söderlund na Eric Hultman walionyesha kwamba mtu akinywa kreatini akiba yake msulini huongezeka, na zaidi kwa yule ambaye mwanzo alikuwa nayo haba. Na mwaka 1996 Hultman na wenzake wakathibitisha kwamba gramu 20 kwa siku kwa siku 6, au gramu 3 tu kwa siku kwa siku 28, humfikisha mtu mahali palepale. Kwa mnyanyua vyuma, akiba hiyo ina maana ya mnyanyuo mmoja au miwili zaidi katika seti ya mwisho, na ni minyanyuo hiyo, ikirundikana miezi kwa miezi, inayojenga nguvu na nyama.

Beta-alanini hupita njia nyingine kabisa. Yenyewe haina kazi kubwa msulini. Thamani yake ni kuwa inaungana na histidini na kufanya karnosini, na kwa kuwa histidini ipo ya kutosha ilhali beta-alanini ni chache, kiasi cha karnosini hutegemea beta-alanini inayoingia. Karnosini ndiyo mlinzi wa msuli dhidi ya asidi. Juhudi kali ikipita nusu dakika hivi, mwili huwa umekwisha kuegemea sana uchomaji wa sukari pasipo oksijeni ya kutosha, na kazi hiyo huambatana na kurundikana kwa ayoni za haidrojeni zinazouchachusha msuli na kuuletea ule mwako ambao kila mkimbiaji wa mita 400 anaujua. Karnosini huzidaka ayoni hizo na kuichelewesha saa ya kushindwa. Mwaka 2006 Harris yuleyule na wenzake walionyesha kwamba beta-alanini ikinywewa kwa wiki nne huiongeza karnosini ya msuli wa paja, na mwaka 2007 jaribio la Hill na wenzake likaona ongezeko la asilimia 58 baada ya wiki nne na asilimia 80 baada ya wiki kumi. Uchambuzi wa Hobson na wenzake wa mwaka 2012, uliokusanya majaribio mengi, ukahitimisha kwamba faida huonekana hasa katika juhudi zinazodumu kati ya sekunde 60 na 240, na kwamba katika juhudi zilizo chini ya dakika moja haikuonekana.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona mahali shauri linapoelekea. Kreatini ni ya sekunde kumi za mwanzo na ya kujaza akiba baina ya juhudi moja na nyingine. Beta-alanini ni ya dakika ya pili, ya tatu na ya nne. Hazigombani, kwa maana haziingii msulini kwa mlango mmoja wala hazizuiani. Lakini pia hapana sababu yakini ya kutaraji kwamba moja itaiongezea nyingine makali. Hapa inafaa kutenga mambo mawili ambayo matangazo huyachanganya. Jambo la kwanza ni kujumlisha: kreatini inatoa faida yake, beta-alanini inatoa faida yake, na mtu anazipata zote mbili. Jambo la pili ni kuzidishana: kwamba zikiwa pamoja hutoa zaidi ya jumla ya faida zao. Dai la pili ni kubwa kuliko la kwanza, na ushahidi wake sharti uwe mzito zaidi.

Na tulitazame kwa karibu jaribio ambalo hutajwa zaidi na wenye kuuza mchanganyiko. Mwaka 2006 Jay Hoffman na wenzake, huko Marekani, waliwachukua wanariadha 33 wa kiume wa chuo, watu wa michezo ya nguvu waliokwisha kuzoea vyuma, wakawagawa makundi matatu kwa muda wa wiki 10. Kundi la kwanza lilipewa unga usio na kitu cha kutenda kazi. La pili lilipewa kreatini gramu 10.5 kwa siku. La tatu lilipewa kreatini ileile pamoja na beta-alanini gramu 3.2. Mwisho wa wiki hizo makundi mawili ya kreatini yalikuwa yameongeza nguvu ya kuchuchumaa na vyuma na ya kusukuma vyuma kifuani kuliko kundi la unga mtupu, na baina yao wenyewe hapakuwa na aliyemshinda mwenzake kwa nguvu; ila kundi la mchanganyiko ndilo lililoonekana kupata mabadiliko mazuri zaidi katika nyama isiyo na mafuta na katika kiwango cha mafuta mwilini.

Matokeo haya ni ya kweli, lakini mwenye insafu atauliza yanathibitisha nini hasa. Kwanza, makundi yalikuwa matatu, nalo kundi la beta-alanini peke yake halikuwapo. Kwa hiyo ile ziada ya nyama, hata tukiikubali yote, hatuwezi kujua kama ni tunda la ushirika wa vitu viwili au ni kazi ya beta-alanini ambayo ingetendeka vilevile pasipo kreatini. Pili, watu 33 katika makundi matatu ni kama 11 kwa kila kundi, na katika idadi hiyo watu wawili waliolala vizuri na kula vizuri kuliko wenzao waweza kuuelemeza wastani upande mmoja. Tatu, na hili ndilo kubwa, katika kipimo ambacho mnyanyua vyuma hukitafuta, yaani nguvu, mchanganyiko haukuishinda kreatini.

Jaribio linaloweza kujibu swali letu ni lile la makundi manne: unga mtupu, kreatini peke yake, beta-alanini peke yake, na zote mbili. Majaribio ya namna hiyo yapo. Mwaka huohuo wa 2006 Jeffrey Stout na wenzake waliwapima wanaume 51 kwa siku 28 juu ya baiskeli, wakitafuta kiwango cha kazi ambacho msuli unaweza kukivumilia kabla dalili za uchovu hazijaanza kupanda. Waliokunywa beta-alanini peke yake waliongezeka, na waliokunywa mchanganyiko nao waliongezeka, ilhali kreatini peke yake haikuleta tofauti. Na baina ya beta-alanini peke yake na mchanganyiko hapakuonekana ziada. Yaani, katika kipimo hiki cha ustahimilivu, kazi yote ilifanywa na beta-alanini. Mwaka uliofuata Robert Zoeller na wenzake, kwa wanaume 55 na kwa mpango uleule, waliona kundi la mchanganyiko likiendelea mbele katika vipimo vitano kati ya vinane likilinganishwa na hali yake lenyewe ya mwanzo, lakini makundi yalipolinganishwa yenyewe kwa yenyewe tofauti haikusimama. Mwaka 2014 Kresta na wenzake waliufanya mpango wa makundi manne kwa wanawake 32, wao pia kwa siku 28, wasione faida ya ziada katika kuviunganisha.

Si halali, hata hivyo, kuyageuza majaribio haya kuwa hukumu ya mwisho kwamba ziada haipo. Watu 51 wakigawanywa mara nne hubaki 13 hivi kwa kundi, na faida ndogo ya asilimia mbili au tatu haiwezi kuonekana wazi katika kundi la watu 13, hata ikiwa ipo. Tunachoweza kusema kwa yakini ni hiki: kama kreatini na beta-alanini zingezidishana kwa ukubwa unaotangazwa, majaribio haya, madogo kama yalivyo, yangeliona jambo hilo. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2025, yaliyoyakusanya majaribio saba ya mchanganyiko huu, yalifika karibu na mahali hapohapo: mchanganyiko waweza kufaa katika juhudi kali za kurudiarudia, lakini kwa nguvu ya juu kabisa hauizidi kreatini peke yake, na kwa umbo la mwili matokeo hayakubaliani.

Tuyapeleke maarifa haya kwa watu watatu, kila mmoja wa kilo 70. Wa kwanza ni mnyanyua vyuma ambaye seti yake ni ya minyanyuo mitano, isiyozidi sekunde 20, kisha anapumzika dakika tatu. Asidi haimpati kwa kiasi cha kumshinda. Kinachomwishia ni fosfokreatini, na dakika tatu zake za mapumziko ni za kuijaza. Huyu gramu 3 hadi 5 za kreatini kwa siku zinamtosha, na beta-alanini kwake ni mzigo wa mfuko.

Wa pili ni mkimbiaji wa mita 800. David Rudisha, aliposhinda London mwaka 2012, alitumia dakika 1 na sekunde 40.91, nao muda huo umo ndani kabisa ya zile sekunde 60 hadi 240 ambazo karnosini ina kazi. Kwa mtu huyu swali lote linapinduka: beta-alanini ndiyo msingi, na kreatini ndiyo nyongeza inayopaswa kujitetea, maana aghalabu huleta kilo moja au mbili za maji mwilini katika wiki ya kwanza, na kilo hizo atazibeba mizunguko yote miwili ya uwanja. Nami nitamwonya juu ya hesabu ya haraka. Ule uchambuzi wa 2012 ulitaja faida ya kati ya asilimia 2.85; mtu akiitoa asilimia hiyo katika sekunde 100.91 atapata karibu sekunde tatu, jambo ambalo hapana unga uwezao kulileta katika mbio za kiwango hicho. Asilimia hiyo ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya majaribio ya kuendelea hadi kushindwa, ambapo mabadiliko madogo ya ustahimilivu hurefusha muda sana. Haisomwi kama saa ya mbio.

Wa tatu ni bondia, au mcheza raga, ambaye analipuka, anapumua kidogo, analipuka tena, na asidi ikipanda kila mara kabla haijashuka. Huyu ndiye mwenye sababu ya kuchanganya, kwa kuwa akiba ya haraka na kinga ya asidi zote mbili zinamwishia katika shindano moja. Faida yake itakuwa ya kujumlisha, wala si ya kuzidishana, na itakuwa ndogo. Lakini ipo mahali pake.

Kuhusu nyongeza nyingine nitasema kwa ufupi zaidi. Sukari ndiyo pekee ambayo kwa dhahiri huisaidia kreatini yenyewe, kwa kuwa huamsha insulini, nayo insulini husaidia kuisukuma kreatini iingie msulini. Mwaka 1996 Green na wenzake walipowapa watu gramu 93 za sukari pamoja na kila gramu 5 za kreatini, mara nne kwa siku, kreatini iliyobaki msulini iliongezeka kwa asilimia 60 kuliko kwa walioinywa pekee. Lakini hebu tuipige hesabu: gramu 93 mara nne ni gramu 372 za sukari kwa siku, kama kalori 1,490, karibu sawa na kilo mbili na nusu za sukari katika wiki moja. Faida hii ni ya kuharakisha, kwa maana msuli una kikomo chake cha kreatini, na mwenye subira atakikaribia kwa gramu chache za kila siku akizinywa pamoja na chakula chake cha kawaida cha wali au ugali.

Kafeini ndiyo inayoweza kupunguza badala ya kuongeza. Vandenberghe na wenzake, huko Ubelgiji mwaka 1996, waliwapa watu kreatini pamoja na kafeini miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili, kila siku. Fosfokreatini yao iliongezeka vilevile, lakini ile faida ya nguvu iliyoonekana kwa wenzao wa kreatini pekee haikuonekana kwao. Kwa upande mwingine, jaribio lililofuata la Doherty na wenzake mwaka 2002 lilionyesha kwamba kafeini ya mara moja, akiinywa mtu aliyekwisha kuijaza misuli yake kreatini bila kafeini, bado humfaa. Kikombe cha kahawa si adui. Ila mwenye kujaza kreatini hana haja ya kumeza kafeini nyingi pamoja nayo kila siku. Ama HMB, jaribio moja la mwaka 2001 la Jówko na wenzake liliona ikijumlishana na kreatini katika kuongeza nyama kwa wiki tatu, lakini wachezaji wa raga waliozoea mazoezi makali, waliopimwa na O'Connor na Crowe mwaka 2007, hawakuona kitu. Nami siwezi kumshauri mtu anunue kwa ushahidi uliogawanyika hivyo.

Yabaki mambo ya kopo lenyewe, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Unga uliochanganywa tayari, unaonywewa kabla ya mazoezi, mara nyingi una beta-alanini kama gramu 1.6 kwa kijiko, na mnunuzi hunywa siku za mazoezi tu. Akifanya mazoezi mara tatu kwa wiki atakuwa amekunywa gramu 4.8, ilhali kipimo cha gramu 3.2 kwa siku hufanya gramu 22.4 kwa wiki. Karnosini haijengwi na kijiko cha leo; hujengwa na jumla ya wiki nne au zaidi, siku za mazoezi na siku za mapumziko sawasawa, na vivyo hivyo kreatini. Lakini mtu huyo haoni kwamba amepunjwa, kwa sababu dakika 15 au 20 baada ya kunywa uso na mikono humwasha na kumtekenya, naye hudhani kwamba dawa imeingia kazini. Mwasho huo watokana na kupanda kwa ghafla kwa beta-alanini katika damu, nao huja hasa kipimo cha mara moja kikizidi miligramu 800 hivi. Hausemi neno lolote juu ya karnosini iliyomo msulini. Anayekunywa miligramu 800 mara nne kwa siku hawashwi sana, na ndiye anayepata.

Fauka ya hayo, kila kitu kinachoongezwa katika mchanganyiko ni mlango mwingine wa uchafu. Uchunguzi wa Geyer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004, ulipima virutubisho 634 kutoka nchi 13, ukakuta 94 kati yake vikiwa na vitu vya jamii ya homoni ambavyo havikuandikwa kwenye kopo. Kwa mkimbiaji wa Kenya au Uganda anayepimwa mkojo, kutojua si udhuru, na kreatini safi ya kopo moja, yenye jina moja la kitu kimoja, ni salama kwake kuliko unga wa majina kumi. Na yeyote anayetumia kreatini amwambie tabibu kabla ya kupimwa damu, maana kreatinini huweza kupanda kidogo kwa sababu ya unga wenyewe, ikafikiriwa ni maradhi ya figo. Na mwenye maradhi ya figo kwa kweli asianze bila ushauri wa tabibu.

Basi mwenye kutaka kujua kama mchanganyiko unamfaa yeye mwenyewe asianze vyote siku moja, kwa sababu hapo hatajua kamwe ni kipi kilichomfaa. Aanze na kile kinachofaa mchezo wake, akae nacho wiki sita, akiandika minyanyuo ya seti ya mwisho au muda wa mrudio wa mwisho kwa mapumziko yaleyale, wala asitegemee mizani inayopima maji pamoja na nyama. Kisha aongeze cha pili, aandike tena wiki sita. Na asijaribu kuacha kimoja kwa wiki moja ili kulinganisha, kwa kuwa karnosini iliyojengwa hushuka polepole, asilimia chache kwa wiki, na kreatini huchukua wiki nne au zaidi kurudi ilipokuwa. Daftari lisipoonyesha tofauti baada ya kipindi cha pili, jawabu lake amelipata, nalo ni kubaki na kile cha kwanza.